Kikomo cha Mapema Hakizai Protini Fupi

Kila msimu wa mitihani ya majaribio, swali moja la jenetiki hurudi kwenye karatasi za kidato cha sita hapa Kigoma: badiliko la herufi moja limeleta kodoni ya kikomo, yaani herufi tatu zinazosema usomaji uishe, katikati ya jeni; eleza matokeo yake. Jibu linalopewa alama zote ni kwamba ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, itasimama kabla ya wakati na protini fupi itatengenezwa. Mimi nafundisha somo hili, na nasema wazi kwamba jibu hilo linawapotosha vijana. Kwa jeni nyingi za binadamu, kikomo kikitokea katikati, protini fupi haipatikani kwa kiwango cha maana. Kinachopungua kwanza ni RNA mjumbe yenyewe, ile nakala ya jeni ambayo ribosomu huisoma. Seli huitambua kuwa ina kasoro, huikata na kuitafuna, na kiasi chake hushuka mara nyingi hadi robo ya kawaida au chini ya hapo. Watafiti huuita utaratibu huo kwa kifupi NMD.

Mtu anaweza kusema tofauti hiyo ni ndogo, maana mwishoni protini kamili haipo kwa vyovyote vile. Siyo ndogo. Inaamua nani ataumwa na nani hataumwa kati ya watu wawili wenye kasoro katika jeni ileile, na huku kwetu inaweza hata kuamua kama ndoa itavunjika au haitavunjika.

Nitashika jeni moja tu, ya beta globini, mnyororo mmojawapo wa himoglobini ya damu; jeni hiyo kwenye maandishi ya maabara huandikwa HBB. Wakazi wa mkoa huu wanaifahamu hata kama hawajawahi kulisikia jina lake, kwa sababu ndiyo jeni ya selimundu. Katika selimundu, kodoni ya sita iliyokuwa GAG imekuwa GTG. Herufi moja imegeuka, asidi amino moja imebadilishwa na nyingine, na hapo hakuna kikomo chochote. RNA mjumbe inatoka kama kawaida, ribosomu inaisoma mwanzo hadi mwisho, na mnyororo wenye asidi amino 146 unakamilika. Ndiyo maana mtu mwenye jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida, yaani AS, anaonyesha himoglobini zote mbili kwenye kipimo: A ikiwa nyingi kidogo, S ikiwa chini ya nusu. Jeni yenye kasoro inazungumza, na sauti yake inasikika.

Sasa chukua badiliko jingine katika jeni hiyohiyo. Kodoni ya 39 ni CAG. Herufi C ikigeuka T, kodoni inakuwa TAG, mojawapo ya kodoni tatu za kikomo. Nyingine ni TAA na TGA. Badiliko hili linajulikana sana katika nchi za Mediterania, hasa kisiwa cha Sardinia, ambako limesababisha thalasemia ya beta, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa mnyororo wa beta, kwa vizazi. Ukifuata jibu la mtihani, seli za mtu huyu zinapaswa kuwa zimejaa vipande vya asidi amino 38. Lakini mtu mwenye jeni moja ya namna hiyo, akiwa na jeni nyingine nzima, kwa kawaida ni mzima wa afya. Seli zake nyekundu ni ndogo, damu yake iko chini kidogo, basi. Anaweza kuzeeka bila kujua kwamba anayo.

Linganisha na kodoni ya 121, ambayo kutoka GAA inaweza kugeuka TAA. Hapa ribosomu inakuwa imeshasafiri sana: imeunganisha asidi amino 120 kati ya 146. Kwa hesabu ya kawaida ya mwanafunzi, hasara hii ni ndogo kuliko ile ya 39, kwa hiyo mwenye jeni moja ya 121 angetarajiwa kuwa na nafuu zaidi. Hali ni kinyume kabisa. Huyu ndiye anayeumwa. Jeni moja tu inatosha kumletea upungufu wa damu na bandama kubwa, na uboho wake ukitazamwa kwa hadubini, seli changa za damu zinaonekana zimejaa madonge ya protini iliyoganda. Ugonjwa unarithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, ilhali thalasemia ya kawaida hudai jeni zote mbili ziwe na kasoro.

Nikiwaandikia wanafunzi namba hizi mbili ubaoni, 39 na 121, huwa nawaacha wabishane kwanza. Karibu wote huchagua 39 kuwa ndiyo mbaya. Msichana mmoja aliniuliza swali ambalo nimekuwa nikilitumia tangu siku hiyo: "Mwalimu, kwa hiyo hiyo ya 39 haitoi chochote cha kudhuru?" Ndiyo hasa. Ya 39 inanyamazishwa kabla haijadhuru. Ya 121 inaachwa iseme, na inachokisema ni protini ndefu kiasi cha kujikunja nusunusu, isiyoweza kukaa vizuri na minyororo ya alfa, wenzake katika himoglobini, inayoganda na kuziua seli changa ndani ya uboho.

Seli inawezaje kutofautisha vikomo hivi, wakati TAG na TAA zote ni kodoni za kikomo na kila ujumbe wa kawaida unaishia na moja ya aina hizo? Kodoni yenyewe haina alama ya kusema mimi ni ya mapema. Kinachotazamwa ni mahali ilipo, na kipimo cha mahali ni viungo vya eksoni, vile vipande vya jeni vinavyobaki kwenye ujumbe.

Jeni ya HBB ina eksoni tatu, na kati yake introni mbili ambazo hukatwa ndani ya kiini cha seli. Ukihesabu herufi za sehemu inayosomwa kuanzia A ya kodoni ya kuanzia, eksoni ya kwanza inaishia herufi ya 92, ya pili inaanzia 93 hadi 315, na ya tatu inaanzia 316 hadi 444, ambako kikomo halali kipo. Kila introni inapoondolewa na eksoni mbili kuunganishwa, mashine ya kukata huacha kifurushi cha protini juu ya RNA, herufi kama 20 hadi 24 kabla ya kiungo. Kwa hiyo RNA mjumbe ya beta globini inatoka kwenye kiini ikiwa imebeba vifurushi viwili. Ribosomu ya kwanza kuisoma huvisukuma na kuviangusha inapopita. Ifikirie kama treni ya reli ya kati inayotoka Dar es Salaam kuja Kigoma, ikiokota bendera iliyosimikwa kabla ya kila stesheni: ikifika mwisho wa reli, hakuna bendera iliyobaki njiani. Ikiishia Dodoma, bendera ya Tabora bado imesimama.

Bendera hiyo ndiyo mashtaka. Ribosomu ikisimama kwenye kikomo huku mbele yake kukiwa na kifurushi ambacho hakijaguswa, protini iitwayo UPF1, iliyokuja pamoja na zile zinazotambua kikomo, inakutana na UPF2 na UPF3B zilizoshikamana na kifurushi. UPF1 inawekewa fosfeti na kimeng'enya SMG1, na baada ya hapo kazi inakuwa ya ukataji. SMG6 huikata RNA karibu kabisa na pale ribosomu iliposimama. Nyingine, SMG5 na SMG7, huleta vimeng'enya vya kuondoa mkia wa herufi A na kofia ya mwanzo, na RNA isiyo na kofia wala mkia haina maisha marefu. XRN1 huitafuna kuanzia mwanzo.

Turudi kwenye hesabu, maana hapa mwanafunzi anaweza kutabiri kwa kalamu tu. Kodoni ya 39 inakaa herufi za 118 hadi 120. (Namba ya zamani, 39, haihesabu asidi amino ya kwanza ambayo huondolewa baadaye, ripoti za leo huandika c.118C>T na kuiita kodoni ya 40. Badiliko ni lilelile, na nimeona watu wakidhani ni mawili.) Kiungo cha mwisho kipo baada ya herufi ya 315. Toa 120 kwenye 315 unapata 195. Kikomo kipo herufi 195 kabla ya kiungo cha mwisho, kifurushi bado kimekaa mbele, ujumbe unaangamizwa. Kodoni ya 121 inaanzia herufi ya 364, ndani ya eksoni ya tatu. Kiungo cha mwisho kimeshapitwa, vifurushi vyote vimeanguka, na kwa macho ya seli kikomo hicho hakina tofauti na kile halali kilichopo mbele kidogo. Ujumbe unaachwa, protini mbovu inatengenezwa kwa wingi.

Mpaka unaokubalika ni herufi kama 50 hadi 55. Kikomo kikiwa karibu na kiungo cha mwisho kuliko hapo, ujumbe huwa unapona hata kama kimetangulia kiungo. Sababu yake inaeleweka ukikumbuka ukubwa wa vitu: ribosomu yenyewe hufunika herufi kama 30, na kifurushi kipo zaidi ya herufi 20 nyuma ya kiungo. Ribosomu ikisimama karibu namna hiyo, mwili wake unakigusa kifurushi na kukiondoa bila hata kukipita.

Sasa kiasi. Wanafunzi wanapenda kufikiri kwamba kiwango cha RNA mjumbe kinategemea jeni inavyonakiliwa tu. Hapana, kiwango tunachokikuta kwenye seli ni matokeo ya kasi ya kutengeneza na kasi ya kuharibu kwa pamoja. Jeni ya 39 inanakiliwa kama jirani yake. Lakini chukulia, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba ujumbe wa kawaida hupungua nusu kila saa 16 na wenye kikomo hupungua nusu kila saa 4. Kwa kasi ileile ya kutengeneza, wa pili utatulia kwenye robo ya wa kwanza. Hakuna swichi iliyozimwa. Maisha ya ujumbe ndiyo yamefupishwa. Ujumbe wa globini kwa kawaida ni miongoni mwa zile zinazodumu sana katika mwili, ndiyo maana ukifupishiwa maisha pengo lake linaonekana mapema.

Kwa wanaofanya kazi maabara, hapa kuna mtego ambao haupewi nafasi ya kutosha kwenye mafunzo. Tuseme mtu ana jeni moja nzima inayotoa ujumbe 100 na jeni moja ya 39 ambayo ujumbe wake umebaki 15. Jumla ni 115, badala ya 200 za mtu asiye na kasoro. Ukipima jumla hiyo kwa PCR ya kuhesabu, ambayo kila mzunguko huongeza nakala mara mbili, tofauti utakayoiona ni hii:

```
log2(200 / 115) = 0.8
```

Yaani haifiki hata mzunguko mmoja wa mashine. Makosa ya mkono wa kupimia, au sampuli mbili zenye wingi tofauti wa seli changa, yanatosha kuimeza tofauti hiyo yote. Mtu anaangalia namba, anasema kiwango ni cha kawaida, anafunga faili. Njia iliyo salama zaidi ni kulinganisha jeni mbili za mtu mmoja ndani ya sampuli moja. Soma DNA yake: herufi C na T pale 118 zitakuwa nusu kwa nusu. Kisha igeuze RNA yake kuwa DNA na usome mahali palepale: T itakuwa 15 kati ya 115, kama asilimia 13. Kwenye karatasi ya usomaji, kilima cha T kilichokuwa sawa na cha C kinakuwa kichuguu kidogo chini yake. Kwa mtu wa 121, vilima viwili vinabaki sawa kwenye DNA na kwenye RNA pia. Hapo huhitaji hesabu yoyote, macho yanatosha.

Kwamba ribosomu ndiyo inayogundua kosa, na siyo kitu kingine kinachoukagua ujumbe, kunathibitishwa kwa kuizuia. Seli zikioteshwa maabara na kuwekewa sikloheksimidi, dawa inayosimamisha ribosomu, kile kichuguu huinuka ndani ya saa chache. Ujumbe wenye kikomo unaanza kujikusanya kwa sababu hakuna anayeusoma na kuushtaki. Kipimo hiki kina faida nyingine: kama kichuguu hakiinuki, huenda badiliko limeharibu ukataji wa introni na ujumbe haukuwahi kuunganishwa vizuri, jambo ambalo ni kosa la aina nyingine kabisa.

Sampuli za huku zina tatizo lao. Damu iliyowekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam na DNA yake ikafika salama. RNA haisafiri hivyo. Bila kemikali ya kuilinda tangu dakika damu inapotoka mshipani, inakatika njiani, na seli zenyewe zikipata misukosuko ya joto na njaa hupunguza usomaji wa ujumbe, jambo linalolegeza NMD na kukipandisha kichuguu kwa uongo. Ripoti ya RNA iliyotokana na damu ya namna hiyo mimi nisingeiamini, hata ikiwa imepigwa mihuri mitatu.

Mambo haya hayakuanzia kwenye mashine za kisasa. Mwaka 1979 Chang na Kan walimwelezea mgonjwa wa thalasemia ambaye kodoni yake ya 17, AAG, ilikuwa imegeuka TAG. Mwaka huohuo Losson na Lacroute, wakifanya kazi na hamira, walionyesha kwamba vikomo vya namna hiyo hufupisha maisha ya RNA mjumbe. Miaka miwili baadaye Lynne Maquat na wenzake walionyesha kwamba kwenye uboho wa wagonjwa wa thalasemia ujumbe wa beta ulitengenezwa lakini haukudumu. Jambo hili lina zaidi ya miaka 40, na bado mwongozo wa kusahihisha unatoa alama zote kwa protini fupi.

Nilisema ndoa zinaweza kuvunjika, na sikutia chumvi. Mama mmoja wa Ujiji, mke wa mvuvi, alinijia kwa sababu binti yake alikuwa mwanafunzi wangu. Mdogo wake yule binti alikuwa amepimwa na kuambiwa ana SS. Mama ni AS. Baba, kipimo chake kilisomeka AA. Ukoo wa mume ukafanya hesabu unayoweza kuifanya wewe pia: mtoto wa SS lazima achukue S kwa baba na S kwa mama, na baba hana S. "Mwalimu," aliniambia, "shemeji zangu wameshakaa kikao. Wanasema mtoto nimempata ziwani."

Hesabu ile ina shimo, na shimo hilo ndilo somo la makala hii. Kipimo cha kutenganisha himoglobini kinaona protini zilizopo. Hakioni jeni. Baba mwenye jeni moja nzima na moja iliyonyamazishwa na kikomo hatatoa alama mbili kama mtu wa AS. Atatoa A peke yake, kwa sababu ile jeni nyingine haikuacha ujumbe wa kutosha wala protini ya kuonekana. Karatasi itaandikwa AA. Akimpa mtoto jeni hiyo, na mama akampa S, mtoto atakuwa na S bila A hata kidogo, na karatasi yake itafanana na ya SS. Mtoto ni wa baba yake, na kipimo hakijadanganya. Ni watu waliokiuliza kipimo swali lisilo lake.

Dalili za kumtambua baba wa namna hiyo zipo kwenye vipimo vya kawaida, ukijua pa kuangalia. Kwenye karatasi ya hesabu kamili ya damu kuna mstari wa MCV, ukubwa wa seli nyekundu. Mtu mzima wa kawaida yuko kati ya 80 na 100. Mwenye jeni moja ya thalasemia ya beta mara nyingi yuko chini ya 80, hata kwenye sitini na kitu, huku idadi ya seli zake ikiwa ya kawaida au juu kidogo. Mstari wa pili ni himoglobini A2, aina iliyopo kwa kiasi kidogo kwenye damu, ambayo kwake hupita asilimia 3.5. Baba yule wa Ujiji alikuwa amepewa vidonge vya fefo mara kwa mara kwa sababu ya MCV ya 69, na MCV haikusogea. A2 yake ilipopimwa ilikuwa 5.1. Jeni yake haikusomwa, kwa hiyo siwezi kusema ana badiliko gani, la kikomo au la namna nyingine; thalasemia ya beta inasababishwa na mabadiliko mengi, na baadhi yake hayana kikomo chochote. Kwa kikao cha shemeji, namba mbili zilitosha.

Lazima nieleze pia kwamba hali hii kwetu ni nadra. Seli ndogo za damu huku mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma, au thalasemia ya alfa, ambayo imeenea Afrika Mashariki na kwa kawaida inatokana na kipande cha DNA kukatika, siyo kikomo. Alfa inaweza hata kushusha MCV na kupandisha A2 ya mtoto ambaye kweli ni SS. Ndiyo maana nasisitiza damu ya mzazi aliyesomeka AA ndiyo iangaliwe, badala ya kujaribu kukisia kutoka kwa mtoto. Na upungufu mkali wa chuma unaweza kuishusha A2 ya baba na kumficha, hivyo atibiwe chuma kwanza, apimwe tena. Kabla ya yote hayo, hakikisheni vichupa havikubadilishwa. Mhudumu anayetoa majibu ya SS kwa wazazi AA na AS anapaswa kuomba MCV na A2 ya mzazi wa AA kabla hajafungua mdomo kuhusu nani ni mzazi. Hilo nalidai, kwa sababu halihitaji mashine mpya popote penye kipimo cha A2.

Utaratibu wa NMD hauokoi kila mtu, na nisingependa msomaji aondoke akidhani ni tiba. Mtoto aliyerithi 39 kwa wazazi wote wawili hana ujumbe mzima wa kutegemea. Kuangamizwa kwa ujumbe mbovu hakumletei mnyororo wa beta, na maisha yake yanategemea kuongezewa damu. Kinachosaidia mwenye jeni moja hakimsaidii mwenye mbili.

Utaratibu wa NMD unazuia pia aina moja ya tiba. Dawa za kundi la jentamaisini, ambayo kila mzazi aliyelazwa na kichanga anaifahamu, zinaweza kuifanya ribosomu iruke kikomo na kuendelea kusoma; zimejaribiwa kwa wagonjwa wa magonjwa mengine ya vikomo. Lakini ribosomu haiwezi kuruka kikomo kwenye ujumbe ambao haupo. Ukiwa na 15 badala ya 100, na dawa ikafanikiwa kuvusha wachache tu kati ya hao, protini kamili inayopatikana ni kidogo mno, na kipimo cha dawa kinachohitajika huharibu masikio na figo. Hili si jambo la mtu kujaribu kwa sindano ya duka la dawa. Watafiti wengine wamefikiria kuizima NMD yenyewe ili ujumbe uongezeke kwanza. Ugumu ni kwamba seli huitumia pia kudhibiti ujumbe wake mwingi wa kawaida, hivyo ukiizima umegusa mengi zaidi ya beta globini, na kwa mtu wa aina ya 39 umempandishia ujumbe mbovu.

Kanuni ya herufi 50 nayo ina mahali inapokwama, tena ndani ya HBB hiihii. Kodoni ya 15 ni TGG, na inaweza kugeuka TAG au TGA. Inaishia herufi ya 48; toa kwenye 315, unapata 267, mbali kuliko hata 39. Kanuni inasema ujumbe utaangamizwa. Ukiupima, unaukuta karibu na kiwango cha kawaida. Maelezo yenye ushahidi ni kwamba ujumbe unaosomwa hujikunja, mkia wake ukaja karibu na mwanzo, na protini inayokaa mkiani, PABPC1, inakuwa jirani ya ribosomu inayosimama mapema mno. Ujirani huo huifanya seli ione usomaji umeisha inavyostahili, na UPF1 inakosa nafasi. Kipande kinachotoka ni cha asidi amino 14, kifupi mno kudhuru, kwa hiyo mwenye jeni moja ya 15 anafanana na mwenye 39 ingawa ujumbe wake upo. Swali hilo ndilo ningependa kuliona kwenye mtihani ujao: wape 15, 39 na 121, wape mipaka ya eksoni, waulize ni ujumbe upi utapungua na ni mbebaji yupi ataumwa.